"Asiyeweza Atoke": Tuisome Hii Notisi Pamoja

Watu wangu wa Garissa na wale mko mbali lakini mnalipa kodi kama sisi, leo sina mchezo. Nataka tusome notisi. Moja tu. Ilibandikwa kwenye geti ya ploti yetu huku Bulla Iftin mwaka 2025, tarehe 24 Februari, siku chache kabla ya Ramadhani. Jioni hiyo hiyo ikatumwa kwa grupu ya wapangaji ya WhatsApp. Nainakili kama ilivyokuwa, nimeondoa tu jina:

"WAPANGAJI WOTE. KODI IMEPANDA KUANZIA MWEZI UJAO. ITAKUWA 10,500. ASIYEWEZA ATOKE. MANAGEMENT."

Basi. Herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, kama mtu anapiga kelele akiwa juu ya tanki la maji.

Kodi yetu ilikuwa 8,000. Vyumba viwili, choo ndani, maji ya mfereji yakiwa na mood. Tuko nyumba 12 kwa ploti. Mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunagawana hiyo 8,000, mmoja akitoa 3,000 kwa sababu ana chumba chenye feni, sisi wengine 2,500 kila mtu. Sasa mtu aniambie ndani ya siku tano nitafute nyongeza, na hiyo mwezi ujao ni Ramadhani, bei ya tende na nyama iko pale juu. Grupu ikawaka moto. Kuna msee alituma emoji za jeneza. Kuna mama mmoja aliandika sentensi moja tu, "Nimeishi hapa miaka sita," halafu akanyamaza, na hiyo ndiyo iliniuma.

Karibu kila mtu alianza na pesa: 10,500 ni nyingi, 10,500 ni wizi, na kadhalika. Mimi naona tulianza mahali si pake. Kabla hujauliza kama bei ni kubwa, uliza kama hiyo karatasi ni notisi kweli. Notisi ni kitu cha kukuwezesha kupanga maisha yako. Isipokuwezesha kupanga, ni kelele tu zilizobandikwa kwa gundi.

Tuanze na tarehe, kwa sababu hapo ndipo karatasi yetu ilianguka vibaya zaidi.

"Mwezi ujao" si tarehe. Kwa mji kama wetu ni mbaya hata zaidi, kwa sababu jirani yangu mzee alisoma akadhani ni mwezi ujao wa Kiislamu, yaani Ramadhani ikiandama. Kijana wa chumba cha mwisho akasema ni Machi. Mwingine analipa tarehe 5, akauliza kama kwake inaanza tarehe 5. Maneno mawili, na watu watatu wana tarehe tatu. Tena karatasi yenyewe haikuwa na tarehe ya kuandikwa. Kama nisingeipiga picha siku hiyo, na kama haingetumwa kwa grupu ambako simu inaweka saa yenyewe, mtu angeweza kudai mwezi mmoja baadaye kwamba ilikuwa getini tangu Januari.

Notisi inahitaji tarehe tatu. Siku ilipoandikwa, siku ilipokufikia, na siku bei mpya inapoanza. Hiyo ya katikati watu wengi huisahau, na ndiyo inayohesabiwa. Muda wako hauanzi siku landilodi alipofikiria kuongeza kodi, unaanza siku wewe ulipopata habari.

Sasa, muda gani unatosha? Wengi wetu hatuna mkataba wa maandishi. Uliona nyumba, ukatoa dipoziti na kodi ya kwanza kwa M-Pesa, ukapewa ufunguo, imeisha. Usidhani kwa sababu hamkuandikiana basi hakuna sheria. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inasema upangaji wa aina hiyo unahesabiwa kwa kipindi cha kulipa. Unalipa kila mwezi, basi ni upangaji wa mwezi hadi mwezi. Na anayetaka kuuvunja, awe mwenye nyumba au mpangaji, anatoa notisi isiyopungua kipindi kimoja kizima, na notisi hiyo imalizikie siku ya kulipa kodi.

Soma tena hapo mwisho, kwa sababu kuna kitu kizuri. Si siku 30 tu halafu basi. Lazima imalizikie siku ya kodi. Chukua ya kwetu: tumeipata tarehe 24 Februari, kodi inalipwa tarehe 1. Mwezi mzima kutoka tarehe 24 Februari unafika tarehe 24 Machi. Lakini tarehe 24 si siku ya kodi, kwa hivyo tunasonga hadi siku ya kodi inayofuata, ambayo ni tarehe 1 Aprili. Machi yote inabaki 8,000.

Najua kuna mwanasheria wa comments atasema kifungu hicho kinazungumzia kuvunja upangaji, hakisemi "kupandisha kodi". Uko sawa kabisa, walalo. Lakini fikiria. Bei ni sehemu ya makubaliano. Mtu mmoja hawezi kuamka asubuhi akabadilisha makubaliano ya watu wawili. Anachoweza ni kukwambia: makubaliano ya zamani yanaisha siku fulani, haya hapa mapya, unayataka? Na "yanaisha siku fulani" ndiyo hiyo notisi. "Asiyeweza atoke" ni kuvunja upangaji kwa lugha ya barabarani, basi ifuate muda wa kuvunja upangaji.

Kama una mkataba wa maandishi, weka chini hii simu uende ukausome kwanza. Kama umeandikwa mwaka mmoja kwa 8,000, na hakuna mahali panaporuhusu nyongeza katikati, basi bei ni hiyo hadi mwaka uishe. Kama kuna kipengele cha nyongeza, kitakuwa kimetaja kiasi na lini. Kifuate hicho, usifuate geti.

Kuna kundi lingine linasahaulika. Wale wanaolipa kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, vile vyumba vya mabati na vya udongo vilivyobaki kwenye bulla. Nyumba za kiwango hicho ziko chini ya sheria ya udhibiti wa kodi, Sura ya 296, ambayo ina baraza lake. Huko mwenye nyumba hapandishi kodi kwa kujiamulia, lazima baraza likubali. Kiwango hicho cha 2,500 ni cha zamani sana, ndiyo maana mpangaji wa kawaida wa mjini hakiguswi. Lakini kama unalipa 2,000 kwa chumba cha mabati, jua kwamba kwenye karatasi una ulinzi kuliko mimi wa 8,000.

Haya, tarehe zimeisha. Twende kwa sababu.

Karatasi yetu haikuwa na sababu hata moja. Tulipouliza kwa grupu, jibu lilikuja baada ya saa tatu: "Gharama ya maisha na kodi za serikali." Mimi napenda hesabu, na nilikuwa nimefura, kwa hivyo nikaanza na hiyo ya kodi za serikali.

Mwenye nyumba za kupangisha wa Kenya ambaye mapato yake ya kodi ni zaidi ya 288,000 kwa mwaka na hayazidi milioni 15 hulipa ushuru wa asilimia ya anachokusanya. Asilimia hiyo ilikuwa 10. Kuanzia Januari 2024 ilishushwa hadi 7.5. Imeshushwa, wasee. Nyumba 12 kwa 8,000 ni 96,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 10 angelipa 9,600, kwa asilimia 7.5 analipa 7,200. Gawanya kwa nyumba 12, ni kutoka 800 hadi 600 kwa kila nyumba. Kama huo ushuru ndio sababu, basi nilipaswa kurudishiwa 200.

Niliandika hiyo hesabu kwa grupu, nikapata likes nyingi, nikajisikia msomi. Haikusaidia kitu. Likes hazijawahi kushusha kodi.

Kilichosaidia ni mama wa miaka sita. Yeye hakuandika. Alivaa buibui, akaenda kwa mwenye nyumba mwenyewe, akaniambia nimfuate kwa sababu "wewe unajua hesabu, lakini utafunga mdomo hadi nikuambie."

Mwenye ploti yetu ni mama mzee, mjane. Sisi wote humuita Eedo, hata wale si Wasomali. Alitukaribisha ndani, akatuwekea chai ya tangawizi kwenye chupa, na ndipo nikagundua kitu ambacho sikukitarajia. Eedo hajawahi kuiona hiyo notisi. Yeye alimpigia kijana wake aliye Eastleigh, akamwambia kwa Kisomali, awaambie watoto wa ploti kwamba maji yamemshinda na kutakuwa na nyongeza. Kijana akachukua maneno ya notisi ya ploti nyingine huko Nairobi, akabadilisha namba, akamtumia keretaka. Keretaka akaprinti. "Management" yenyewe haipo. Ni mama, kijana wake na keretaka mmoja mwenye baiskeli.

Nilipomsomea Eedo ile sehemu ya "asiyeweza atoke", akashika kichwa. Akauliza, "Nani amesema atoke? Nimewahi kumtoa nani?"

Nitarudi kwa hilo la lugha. Kwanza tumalize sababu, kwa sababu sasa tulikuwa na sababu za kweli mbele yetu, na za kweli unaweza kuzipima.

Eedo alisema vitu vitatu. Kwanza gari la kunyonya choo. Zamani aliliita mara mbili kwa mwaka, sasa mara nne, kwa sababu ploti imejaa watu. Kila safari 9,000. Pili maji. Mfereji ukikauka anaita boza, 4,000 kila moja, na miezi hiyo ya jua kali alikuwa anaita matatu kwa mwezi. Tatu, akasema bila aibu, ploti za jirani zimefika 10,000 na yeye hajaongeza hata shilingi kwa miaka minne.

Mama wa miaka sita akanigusa goti. Nikatoa simu nikahesabu kwa sauti.

Gari la choo: safari mbili za ziada mara 9,000 ni 18,000 kwa mwaka. Gawanya kwa nyumba 12, kisha kwa miezi 12. Inatoka shilingi 125 kwa nyumba kwa mwezi. Nilirudia mara mbili kwa sababu hata mimi sikuamini. Kitu kinachonuka namna ile, na mzigo wake kwangu ni bei ya chapati na chai.

Boza: matatu mara 4,000 ni 12,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 12, ni 1,000 kwa nyumba. Hii ni pesa kubwa, na ni ya kweli, mimi mwenyewe nimeona boza likiingia na kuvunja ukuta wa maua ya keretaka. Lakini angalia kitu. Boza haliji mwaka mzima. Linakuja mfereji ukikauka. Mvua ikinyesha na mfereji ukirudi, boza linakwisha, lakini 1,000 ikishaingia kwenye kodi haitoki tena. Gharama ya msimu imegeuka kodi ya milele. Hapa ndipo wapangaji wengi huliwa bila kujua, na hata mwenye nyumba anaweza asijue kwamba anakula. Ukisoma notisi yenye sababu, jiulize kama hiyo sababu itakuwa bado ipo mwaka ujao. Kama itaondoka, malipo yake yawe kando, yaje na kuondoka nayo.

Jumla ya choo na maji ni 1,125. Nyongeza iliyoandikwa getini ni 2,500. Zinabaki 1,375 ambazo jibu lake ni moja tu: soko limepanda na Eedo hajaongeza miaka minne.

Na hapa nitawaudhi baadhi yenu. Hiyo ni sababu halali. Simaanishi unaifurahia, namaanisha ni sababu unayoweza kuipima. Unaweza kutembea ploti tatu za jirani ukauliza bei, ukaona kama kweli ni 10,000 na kama zina maji na taa ya usiku. Tulifanya hivyo kesho yake. Mbili zilikuwa 10,000, moja 9,500, na hiyo ya 9,500 ilikuwa na tanki kubwa kuliko letu. Kumbe hata kwa bei ya soko, 10,500 ilikuwa imeruka. Lakini usingeweza kujua kama sababu ingebaki "gharama ya maisha", kwa sababu gharama ya maisha haina mlango wa kubisha ukauliza.

Kwa hivyo nikisoma notisi siku hizi siulizi kama ina sababu. Karibu zote zina neno moja la kujaza nafasi. Nauliza kama hiyo sababu naweza kuichukua mkononi nikaenda kuiangalia. Risiti ya boza, naiona. Paa jipya, nalitazama juu. Bei ya jirani, naenda kuuliza. Ushuru, nautafuta. "Hali ya uchumi" ni maneno tu.

Sasa lugha. Kuna watu wanasema heshima ni mapambo, lete tarehe na pesa, hayo mengine ni hisia. Mimi pia nilikuwa hivyo hadi siku ile kwa Eedo. Kilichotuumiza wengi kwenye grupu hakikuwa 2,500. Kilikuwa "atoke". Mama wa miaka sita alishaanza kufunga vyombo usiku ule, kabla ya kuuliza neno lolote, kwa sababu maneno yalimwambia hakuna wa kuulizwa. Na kijana mmoja wa chumba cha tatu, ambaye alikuwa na mitihani pale chuo kikuu, alihama kweli. Alitafuta kitanda kwa binamu yake Madogo, ng'ambo ya daraja, kaunti nyingine kabisa, akawa anavuka Tana kila asubuhi akiwa amefunga. Tulipopata jibu la Eedo alikuwa keshalipa huko. Neno moja lilimhamisha mtu ambaye mwenye nyumba hakutaka ahame, na Eedo akabaki na nyumba tupu wiki sita. Hesabu hiyo pia ifanyeni.

Kwangu mimi lugha ya heshima kwenye notisi ni kitu kimoja: inaacha nafasi ya kujibiwa. Jina la mtu, namba, na siku ya mwisho ya kuzungumza. "Management" haina namba ya simu, haina sikio. Unapoweka jina lako chini, unakubali kupigiwa.

Lakini tahadhari, kuna heshima ya uongo. Rafiki yangu anayeishi karibu na Soko Mugdi alinitumia yake baada ya kuona hii vita yetu. Imeanza na salamu kamili, ikafuata dua, ikaja "wapangaji wetu wapendwa ambao ni kama familia", mistari minane ya asali, halafu mwisho kabisa: "kutakuwa na marekebisho madogo ya kodi hivi karibuni." Kiasi gani? Lini? Kwa nini? Hakuna. Yeye aliona ni nzuri kuliko yetu. Mimi nikamwambia yetu ni bora, walau ilitaja namba. Asali ile ilimfanya aone aibu kuuliza, na mwezi uliofuata akaambiwa kwa mdomo ni 3,000 zaidi "kama tulivyowajulisha". Ukiona notisi tamu sana, ondoa salamu na dua kwa akili yako, uone kilichobaki chini.

Hapo hapo kwa rafiki yangu kuna jambo jingine, na hili ni kwa nyinyi mnaouza nguo, vipodozi, simu. Mama yake ana duka la nguo sokoni, na naye aliongezewa kodi kwa ujumbe wa WhatsApp. Duka si nyumba ya kulala. Duka lina sheria yake, Sura ya 301, na ni kali kuliko yetu. Kama hamna mkataba wa maandishi, au mkataba wenu wa maandishi hauzidi miaka 5, mwenye duka anatakiwa kutumia fomu maalum, Fomu A, aeleze sababu, na bei mpya isianze kabla ya miezi miwili tangu uipokee. Fomu inakutaka ujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama unakubali au la. Ukipinga, unapeleka shauri kwa baraza la kodi za biashara kabla ya ile tarehe ya kuanza.

Shida ni kwamba sheria hiyo hiyo inakuuma ukinyamaza. Fomu ikiwa sawa, nawe usijibu wala usiende kwa baraza, tarehe ikifika bei mpya inashika. Kwa hivyo ujumbe wa WhatsApp wa mama yake haukuwa na nguvu, lakini kama angepata Fomu A halisi akaiweka chini ya mto kwa hasira, angekuwa amekubali. Hasira haihesabiki kama jibu. Andika, weka tarehe, baki na nakala.

Turudi kwa Eedo, chai ikiwa imepoa. Aliniambia niandike notisi mpya, yeye atasema, mimi niandike. Kijana wake aliwekwa kwa simu, spika, na akasomewa kila mstari. Alinung'unika kidogo pale tulipofuta "Management". Hii ndiyo iliyobandikwa getini tarehe 27 Februari, juu ya ile ya kwanza:

"Assalam alaikum. Hii ni kutoka kwa mwenye nyumba. Notisi ya tarehe 24 Februari imefutwa. Kodi ya Machi inabaki 8,000. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 kodi itakuwa 9,000 kwa mwezi. Sababu: kodi haijaongezwa kwa miaka minne, na gari la choo sasa linaitwa mara nne kwa mwaka badala ya mbili. Maji ya boza yatalipwa kando, miezi ambayo boza limeitwa tu, kwa kugawana sawa nyumba 12, na risiti itawekwa kwa grupu. Mwenye swali au shida aje nyumbani au apige simu kabla ya tarehe 15 Machi."

Chini yake jina lake na namba yake. Mstari wa salamu ni mmoja tu. Ukiisoma unajua utalipa nini, lini, na kwa nini, na unajua mlango wa kubisha.

Sikusema ni kamili. Mwezi wenye boza matatu bado nalipa 10,000, na mimi si tajiri. Mwenzetu mmoja aliona heri aende kwa dada yake baada ya Idd, tukabaki wawili, kwa hivyo kwangu kodi ilipanda sana kuliko hiyo 1,000. Kuna jirani alilalamika kwamba nyumba yake ya mtu mmoja inagawana maji sawa na nyumba ya watu saba, na ana haki, hilo bado tunabishana. Lakini kila mmoja alipata mwezi mzima wa kuamua, hata yule aliyeamua kuondoka.

Kama yako imefika leo, usijibu ukiwa moto. Piga picha ya karatasi na geti ikionekana. Halafu tuma kitu kama hiki, tulikitumia sisi na kilifanya kazi:

"Salamu. Nimepata notisi yako leo tarehe fulani. Naomba uniandikie bei mpya inaanza tarehe gani hasa, na sababu ya nyongeza. Mimi hulipa tarehe 1, kwa hivyo naelewa bei ya sasa itaendelea hadi mwezi mmoja mzima upite na siku ya kodi ifike. Niko tayari tuzungumze siku utakayosema."

Badilisha hiyo tarehe 1 iwe ya kwako. Usiweke ushuru wala vifungu vya sheria kwenye ujumbe wa kwanza, hivyo viweke mfukoni. Mimi niliviweka mbele, nikapata likes, na mama wa miaka sita akapata jibu.

Nitumieni zenu, futeni majina na namba kwanza. Nataka nione kama kuna yeyote hapa mjini amepata yenye tarehe zote tatu.